Gemu ipi ununue ukitaka wenza wenye msimamo

1. Baldur's Gate 3 (2023). Kama kompyuta yako inaiweza, nunua hii. Inadai nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski ya SSD, na hapo wengi hukwama. Unatembea na wenza watatu, yaani wahusika wa gemu wanaosafiri na kupigana upande wako, mapigano ni ya zamu, na kila mmoja unamwongoza mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kukimbilia moto bila amri yako. Utamu wake uko kwenye uamuzi. Mapema kuna kambi ya wakimbizi inayotishiwa na magoblini. Ukiungana na Minthara, kiongozi wa magoblini hao, kuishambulia, yeye anakuwa mwenzako, lakini wenza wako Wyll na Karlach wanakuacha moja kwa moja, pamoja na simulizi zao zote. Gale naye huenda ukalazimika kumbembeleza abaki. Kumbuka pia kwamba mengi ya mazungumzo yao hutokea unapolala kwenye kambi yenu. Asiyelala huwaona wenzake mabubu, kisha analaumu gemu.

2. Dragon Age: Origins (2009). Kwa mwenye mashine ya zamani, mimi ningeanzia hapa. Wenza hupigana wenyewe kwa kufuata orodha ya maagizo unayowapangia, na orodha husomwa kutoka juu kwenda chini: sharti la kwanza linalotimia ndilo linalotekelezwa. Chukua Wynne, mganga wa kundi. Ukiweka juu "shambulia adui aliye karibu", sharti hilo hutimia karibu kila wakati, basi atarusha uchawi huku mwenzenu Alistair akifa mbele yake. Pandisha juu "mwenzetu ana uhai chini ya nusu: mtibu", na vita ileile inabadilika. Wana misimamo pia: ukiyachafua Majivu Matakatifu, mabaki yanayoheshimiwa kidini katika gemu hiyo, mbele ya Wynne, anakugeukia kwa silaha. Zawadi hupandisha upendo wao, ila hapo hazimwokoi mtu.

3. Mass Effect Legendary Edition (2021). Gemu tatu kwa pamoja, na uamuzi wako unahama nazo. Katika ya pili, usipomsaidia mwenzako jambo lake binafsi, au usipoimarisha chombo chako cha angani, anaweza kufa kwenye misheni ya mwisho na asionekane ya tatu. Vitani ni wawili tu, na maagizo ni machache.

4. Skyrim (2011). Inunue kwa ajili ya dunia yake. Mwenza wako Lydia hubeba mizigo yako, huziba milango, na hana neno hata ukijiunga na wauaji. Akipiga magoti kwa majeraha maadui humwacha, lakini pigo lako wewe linaweza kumuua, kwa hiyo usirushe moto akiwa mbele yako.

Duka la mtandaoni la Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujapitisha saa 2 za kucheza. Muda huo unatosha kujua kama mashine inaimudu gemu, lakini hautoshi kumjua mwenza yeyote hapo juu. Kwa hilo, tazama video ya mtu anayecheza katikati ya simulizi kabla ya kulipa.