Bodi ya DAC ya R-2R ya biti 8: pima 127 na 128 kabla ya kuunganisha spika

Karibuni wadau. Leo mezani kuna hii bodi ndogo inayouzwa kama DAC ya biti 8, yaani inapokea namba kutoka kwenye mikrokontrola na kutoa volteji. Igeuze mbele na nyuma, huoni IC hata moja. Ni rezista 16 tu: saba za kilo-omu 10 na tisa za kilo-omu 20. Upande huu kuna pini nane, D0 hadi D7, halafu GND na OUT. Basi, bidhaa yote ndiyo hiyo, na ndiyo maana bei yake ni ya chee.

Twende kwanza kwenye namna inavyofanya kazi, kwa sababu vipimo nitakavyoonyesha vinategemea hapo. Angalieni mwisho huu wa D0. Kuna rezista ya 20k inayoshuka GND, na mguu wa D0 wenyewe nao ni 20k. Zikikaa sambamba zinakuwa 10k. Ongeza ile 10k inayoelekea makutano yanayofuata, unapata 20k tena. Kwa hiyo D1 akitazama nyuma yake anaona 20k, sawa na mguu wake. D2 akitazama nyuma anaona 20k vilevile, na mambo yanaendelea hivyo hadi D7. Kila makutano yanagawa volteji katikati, na hicho ndicho kinachofanya thamani mbili za rezista zitoshe kwa biti nane. D7 akiwashwa peke yake anatoa nusu ya volteji ya chanzo, D6 robo, D5 thumni, mpaka D0 anayetoa moja ya 256.

Hesabu yake basi ni fupi:

```
Vout = Vref * N / 256
```

Chukua 10110000. Kuna 128, 32 na 16, jumla 176. Ukiwa na volti 5, 5 mara 176 gawanya kwa 256 ni volti 3.4375. Hatua moja, kutoka namba moja hadi inayofuata, ni milivolti 19.5. Kumbukeni hiyo 19.5. Na juu kabisa, 255, huipati 5 kamili, unapata 4.98.

Sasa rezista za bodi hii zina mstari wa dhahabu, maana yake zinaruhusiwa kupotoka asilimia 5. Wengi wakisikia asilimia 5 wanadhani sauti itapungua au kuongezeka kidogo tu. Sivyo. Kama rezista zote zingezidi asilimia 3 kwa pamoja, OUT isingebadilika hata chembe, kwa sababu kinachohesabika hapa ni uwiano kati yao. Tatizo linakuja pale moja inapozidi na jirani yake haijazidi. Na mbaya zaidi ni mguu wa D7, kwa kuwa ndiye anayebeba nusu nzima ya volteji.

Kupima mguu huo ni rahisi, huhitaji kuchomoa rezista. Bodi ikiwa haijaunganishwa na chochote, miguu mingine yote inaning'inia hewani, hivyo kati ya D7 na OUT mita inasoma rezista moja tu. Naweka... mnaona? 20.4k. Imezidi asilimia 2, na kwa rangi yake ni halali kabisa, muuzaji hajakudanganya. Nikihamia D6 hadi OUT nasoma 30.0, yaani 20 ya mguu na 10 ya katikati. Hapo pako sawa.

Hiyo 0.4k iliyozidi inafanya nini? Tuiulize Arduino Uno. Nimeunganisha pini 0 hadi 7 na D0 hadi D7, na kodi ni hii:

```
void setup() {
  DDRD = 0xFF;
}
void loop() {
  PORTD = 127;
  delay(3000);
  PORTD = 128;
  delay(3000);
}
```

Naandika PORTD moja kwa moja ili biti zote nane zibadilike pamoja. Ukitumia `digitalWrite` pini moja baada ya nyingine, kati ya 127 na 128 OUT itapita kwenye namba nyingine kabisa, na utalaumu rezista bure.

Mita hii ya kawaida, kwenye 20V, inaonyesha milivolti kumikumi, lakini inatosha. Kwa 127 tulitegemea 2.48, inasoma 2.50. Kwa 128 tulitegemea 2.50, inasoma 2.48. Namba imepanda, volteji imeshuka! Kwa hesabu ni 2.505 kwenda 2.475, anguko la karibu milivolti 30 mahali palipotakiwa kupanda 19.5. Kwenye 127 biti saba za chini zote zinawaka. Kwenye 128 zote zinazimika na D7 anaachiwa mzigo peke yake. Mguu wake ukiwa mzito, yeye anatoa pungufu na wenzake wanatoa zaidi, kwa hiyo kosa linaonekana mara mbili.

Ukikokotoa mpaka wake, kwa biti nane mguu wa D7 ukizidi moja ya 127, yaani asilimia 0.79, hatua hiyo inageuka kuwa anguko. Kwa hiyo hata rezista za asilimia 1 si kinga ya moja kwa moja. Upande wa D0, kinyume chake, asilimia 5 haina madhara ya kuonekana.

Kwa nini nang'ang'ania katikati? Kwa sababu ya muziki. Ukimya kwenye sauti ya biti 8 unakaa 128, kwa hiyo sauti ndogo inavuka 127 na 128 muda wote. Wimbo ukiwa juu hutasikia kitu, ukififia pale mwishoni unaanza kukwaruza. Ukiona hivyo, usikimbilie kubadilisha spika.

Dawa ya bodi hii ni rezista moja ya mega-omu 1, uichomee sambamba na ule mguu wa D7. 20.4k na 1M zinakupa 19.99k. Nimeshaiweka, sasa tazama mita: 127 ni 2.48, 128 ni 2.50. Mguu ungekuwa pungufu, ungeongeza rezista ndogo kwa mfululizo.

Kama unajitengenezea mwenyewe, nunua 25 za 10k za asilimia 1 kutoka utepe mmoja, na kila 20k ifanye kwa 10k mbili. Zipime, zinazofanana zaidi zipeleke upande wa D7. Usishuke hadi 1k na 2k: pini ya Uno yenyewe ina omu kadhaa ndani, tuseme 40, na 40 juu ya 2k ni asilimia 2, umerudi kulekule. Juu ya 20k ni asilimia 0.2 tu.

Ila OUT ina ukinzani wa 10k, hivyo ukiipa amplifaya yenye mwingilio wa 10k volteji inakatika nusu. Weka opampu ya kupokelea katikati. Bodi hii haina, na hilo ndilo ningemlaumu mtengenezaji kuliko mstari wa dhahabu, kwa sababu mega-omu 1 utaipata kwenye droo yoyote ya fundi.