Miezi saba na ruta ya laini nyumbani Lamu: ilivyokuwa ikikata, na nilivyoikomesha

Ruta yangu ni ya 4G, ya kutia laini ya simu, ina antena mbili za kuzungusha nyuma. Niliinunua shilingi 6,500. Nyumba yetu iko Mkomani, ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, na atakayeisoma habari hii akiwa anakaa nyumba kama hii ndiye ninayemkusudia zaidi.

Siku ya kwanza niliiweka katika kidaka cha ukuta wa ndani, kwa sababu soketi ya umeme iko hapo chini na mahali penyewe panapendeza. Mchana ilikwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku, watoto wakiwa na masomo yao na mimi nina hesabu za duka za kutuma, mtandao unakata. Taa ya waifai inawaka, simu zimeshika, lakini hakuna kinachofunguka. Dakika tano unarudi, kisha unakata tena. Kwa wiki tatu nilikuwa nalaumu bando, nikanunua kubwa zaidi, na haikusaidia kitu.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa ndugu yangu, fundi wa simu. Alikuja magharibi, akaunganisha simu yake na waifai, akaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari (ruta nyingine hutumia 192.168.8.1, angalia kibandiko cha chini), akaingia kwenye ukurasa wa hali ya ruta.

"Ami, usitazame vijiti," akaniambia. "Tazama nambari hizi mbili."

Nambari ya kwanza ni RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo -80 ni nzuri na -115 ni mbaya. Kila ikipungua kwa 10, nguvu imeshuka mara kumi. Ya pili ni SINR, inayoonyesha mawimbi yako yamezidi makelele ya minara mingine kwa kiasi gani. Ikiwa zaidi ya 20 ni raha tupu, kuanzia 10 unafanya kazi zako bila tabu, na ikikaribia sifuri au ikiingia chini ya sifuri, hapo ndipo mtandao unapokata hata kama vijiti vimejaa. Vijiti vya ruta yangu vinahesabu nguvu peke yake. Hilo ndilo kosa kubwa la ruta hii, na naliandika wazi ili mnunuzi alijue.

Kidakani tulisoma RSRP -113 na SINR 3. Haikustaajabisha: ukuta ni mnene, na kidaka kimeichimbia ruta ndani ya jiwe, ikazibwa pande zote isipokuwa mbele, na mbele kwenyewe ni ukuta wa pili. Mchana watu wachache wako hewani, basi hizo -113 zinatosha kujikokota. Usiku mnara ukijaa, hazitoshi.

Nikadhani dawa ni kupanda juu kabisa. Tukaipeleka darini, chini ya makuti, ambapo upepo unapita na bahari unaiona. RSRP ikaruka hadi -86, vijiti vitano vikajaa, nikafurahi. Lakini kijana akanyamaza anatazama skrini. SINR ilikuwa 1, na Cell ID, yaani namba ya kutambulisha mnara ulioshikwa na ruta, ilikuwa ikibadilika kila baada ya dakika moja au mbili. Akanieleza kwamba huko juu hakuna kinachozuia, kwa hiyo ruta inaisikia minara mingi kwa pamoja, na inahama huku na huku. Tukapima kasi: ilikuwa duni kuliko nilivyotarajia, na baada ya robo saa ikakata, vijiti vikiwa vimejaa vilevile.

Mahali palipofaa ni chumba cha ghorofa ya pili, kandokando ya dirisha linaloelekea upande mmoja tu. Hapo ukuta uleule ulionidhuru chini ukawa kinga: unazuia mawimbi ya nyuma na ya ubavuni, dirisha linaingiza ya mbele. RSRP -97, SINR 14, na Cell ID moja jioni nzima. Vijiti vilikuwa vitatu tu. Tulihama kwa hatua ndogo, nusu mita kwa nusu mita, na kila mahali tulisubiri dakika mbili kabla ya kuandika, kwa sababu nambari hupanda na kushuka. Kisha nikarudia kupima saa mbili usiku, kwani kipimo cha mchana kinadanganya.

Antena tulizilaza zikatanuka kama herufi V, moja kulia, moja kushoto. Zikisimama zote wima sambamba, SINR ilikuwa 11. Kabla ya kutia bidii hapo, hakikisha antena zako ni za 4G kweli, maana kuna ruta ambazo zile za nje ni za waifai tu, na za laini zimo ndani. Ukizifungua na nambari hazibadiliki hata kidogo, ujue si hizo.

Na sisi wa mwambao tuna adui mwingine. Nilipoizungusha antena ya kushoto niliona imelegea, na kwenye skrubu yake pameota kutu ya kijani. Chumvi ya hewa. Nilizima ruta, nikasafisha kwa pamba yenye spiriti, nikaacha ikauke, nikakaza kwa vidole bila koleo.

Sikununua waya mrefu wa antena wa kupandisha juu. Waya mwembamba hula mawimbi njiani. Ni afadhali ruta yenyewe ikae penye mawimbi, kisha kebo ya mtandao ishuke chini. Yangu ni mita 15, na kebo hiyo inafika hata 100.

Miezi minne ilipita salama. Kisha asubuhi moja mtandao ukapotea kabisa, na safari hii dalili zilikuwa nyingine. Nguvu ilisomeka vilevile, lakini penye hali ya mtandao pameandikwa No service. Hapo antena haina kosa: ruta inausikia mnara, ila mnara hauipokei laini. Niliitoa laini nikaitia kwenye simu, nayo ikaonyesha simu za dharura pekee. Basi ruta ikatoka kwenye lawama. Lau ingefanya kazi kwenye simu, ningetazama mpangilio wa APN, yaani jina la njia ambayo laini huingilia intaneti ya kampuni, au kama laini ile imefungwa kwa kifaa kimoja.

Nilichukua simu yangu ya mtandao huohuo, nikapiga *106#, nikatazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ile ya ruta haimo. Aliyeniuzia alikuwa ameisajili kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na mwenyewe alipoiona asiyoijua akairipoti, ikafungwa. Ilinibidi niende dukani na kitambulisho, ninunue laini mpya, isajiliwe mbele ya macho yangu. Mabaki ya bando yalipotea, na nilichukia sana, kwa sababu nililipa kwa haki.

Ruta naipa nyota nne. Inakaa siku nyingi bila kuzimwa, ukurasa wake unaonyesha nambari zote, na antena zake zinatoka. Nyota moja nimeitoa kwa vile vijiti. Kusi likianza nitazifungua tena antena nione kama ile kutu imerudi.