Miezi mitano na BMI Prime na CI: namba moja nimeiweka, nyingine nimeizima

Nilipakua programu ya kupima uzito kwenye simu mwezi ambao gauni langu la harusi ya binamu lilikataa kufunga zipu. Jina lake silitaji kwa sababu nina malalamiko, na huenda wameshayarekebisha. Kilichonivutia ni kwamba baada ya kuingiza kilo na urefu haikunipa BMI peke yake kama nyingine. Ilinipa namba tatu: BMI, halafu BMI Prime, halafu CI, yaani kielezo cha unene. Hizo mbili za mwisho sikuwahi kuzisikia kliniki hata siku moja. Hesabu zake ni fupi:

```
BMI = kg / (m × m)
BMI Prime = BMI / 25
CI = kg / (m × m × m)
```

Hiyo 25 ndipo uzito wa kawaida wa mtu mzima unapoishia kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo Prime inakuambia tu umefika wapi ukilinganisha na mstari huo. Ukiwa 1.00 umesimama juu ya mstari wenyewe, na chini ya 0.74 umekonda kupita kiasi. Kuanzia 1.20 unaingia kwenye unene uliokithiri, kwa kuwa 30 ukiigawa kwa 25 unapata 1.20. Hakuna taarifa mpya iliyoongezwa hapo. Ni BMI ileile, ila imevaa nguo inayosomeka.

Siku ya kwanza niliingiza kilo 60 na urefu wa mita 1.55, ule ulioandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki. Prime ikasema 1.00. Nikafurahi, nikajisemea kwamba tatizo ni zipu. Jioni nikakumbuka kuwa siku ile ya kliniki nilipimwa nikiwa na viatu, na kichwani nilikuwa na rasta zilizofungwa fundo. Nikajipima upya peku, visigino ukutani, mdogo wangu akiwa ameshika kitabu cha jalada gumu juu ya kichwa changu na kuzibonyeza nywele. Nilikuwa na mita 1.52. Prime ikaruka hadi 1.04, na CI ikatoka 16.1 hadi 17.1.

Hapo ndipo nilipoanza kuzielewa hizi namba. Sentimita tatu ni kama asilimia 2 ya urefu wangu. Kwenye BMI na Prime urefu unazidishwa kwa urefu wenyewe, m × m, basi kosa nalo linakuwa kama asilimia 4. Kwenye CI ni m × m × m, na kosa linafika kama asilimia 6. Kama unataka kuitumia CI, pima urefu kwa makini kuliko unavyopima uzito. Tena pima wakati uleule wa siku, maana jioni mtu hupungua kidogo kuliko alivyoamka.

Ile 1.04 ndiyo iliyonifanya niipende Prime. Inasomeka moja kwa moja: nimezidi mstari kwa asilimia 4. Kwa urefu wangu mstari uko kwenye kilo 57.8, kwa hiyo ziada ni kilo mbili na kitu. BMI ya 26.0 haikuwahi kuniambia hivyo. Nilikuwa naiona kama alama ya mtihani ambao sijui umesahihishwa juu ya ngapi.

Mdogo wangu, mcheza kikapu mwenye mita 1.92 na kilo 96, akataka naye apimwe. BMI yake ikaja 26.0, Prime 1.04, sawasawa na yangu. Lakini CI yake ilikuwa 13.6, rangi ya kijani, na yangu 17.1, nyekundu ya kutisha. Kwa watu wazima programu inahesabu 11 hadi 15 kuwa kawaida.

“Dada, mimi niko sawa, wewe ndiye mnene,” akasema, akaenda kujiongezea wali.

Nilinuna, kisha nikaanza kusoma. CI si kitu kipya. Inaitwa pia kielezo cha Rohrer, kwa jina la daktari Mswisi Fritz Rohrer aliyeiandika mwaka 1921. Fikra yake ina mantiki, kwamba mwili ni kitu chenye ujazo, na ujazo hukua kama m × m × m. Shida ni kwamba mtu mrefu si mtu mfupi aliyekuzwa pande zote. Mdogo wangu amenipita urefu kwa robo hivi, lakini mabega na kiuno chake havijapanuka kwa kiwango hicho. Uzito wa watu wazima huenda karibu zaidi na m × m. Ancel Keys na wenzake walizilinganisha hesabu za aina hii mwaka 1972, wakaona ile ya m × m, iliyoasisiwa na Mbelgiji Quetelet, inafaa zaidi, na ndio walioipa jina la BMI. Kwa hiyo CI humpendelea mrefu na kumwonea mfupi. Inaweza kukutahadharisha kwamba BMI ya mtu mrefu sana inamwonyesha mnene kuliko alivyo, lakini 17.1 yangu na 13.6 yake hazilinganishwi.

Kuna mahali CI inafaa, nako ni kwa watoto wachanga. Huko hutumika kumtambua mtoto aliyezaliwa na urefu mzuri lakini amekonda. Nilimwingiza mtoto wa dada yangu, kilo 3.2 na sentimita 50, programu ikaandika 25.6 na kumwita mnene kupindukia! Mtoto mwenyewe alikuwa wa kawaida kabisa. Kwa wachanga hesabu hufanywa kwa gramu na sentimita, kisha huzidishwa kwa 100, na jibu lake linakuwa 2.56. Programu ilimpima kichanga kwa mizani ya watu wazima. Ukiona CI ya mtoto mchanga iko juu ya 20, jua ni kosa la vipimo, usianze kumnyima maziwa.

Lalamiko langu kubwa lilikuja mwezi wa tatu. Asubuhi moja Prime ilisoma 1.13. Kilo zilikuwa zilezile 60, nguo zilezile. Nikadhani mizani imeharibika, nikaibadilisha betri. Kumbe BMI pembeni yake ilikuwa bado 26.0. Nikagawa 26.0 kwa 1.13, nikapata 23. Programu ilikuwa imesasishwa usiku, na kwa kuwa simu yangu niliinunua Maskati na haijabadilishwa eneo, ikanihesabu kwa kikomo cha watu wa Asia, ambao hupata kisukari na magonjwa ya moyo wakiwa na BMI ya chini zaidi. Uwezo huo wa kubadilisha kikomo ndio faida hasa ya Prime: wa huku na wa kule wote mstari wao unasomeka 1.00. Lakini programu iliyobadilisha bila kuniarifu ilinitia homa ya bure. Sasa kila mara nagawa BMI kwa Prime. Nikipata 25 naendelea na shughuli zangu.

Prime naipa nyota nne. Imenyimwa ya tano kwa sababu, kama BMI, haiwezi kutofautisha misuli ya mdogo wangu na tumbo langu, na kiuno bado nakipima kwa futi ya fundi cherehani. CI nimeizima kwenye mipangilio. Leo asubuhi nilikuwa kilo 58.4, Prime 1.01, na zipu imepanda hadi katikati ya mgongo.