Nilituma picha ya katriji ya miksa, nikaletewa isiyoingia: uzoefu wangu

Miksa yangu ya jikoni, yaani bomba la mkono mmoja linalochanganya maji ya moto na baridi, ilianza kudondosha maji hata ikiwa imefungwa. Kwenye miksa za aina hii huwezi kubadilisha washa ya mpira peke yake. Ndani kuna katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, na vikichakaa au kuingiwa na mchanga unabadilisha katriji nzima. Jina la miksa lilikuwa limefutika zamani, kwa hiyo nikatumia huduma ya muuza vipuri mmoja mtandaoni: unatuma picha, wao wanakutajia aina na kukuletea.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya miksa yenyewe, nikiwa bado sijaifungua. Waliikataa mara moja, na nawasifu kwa hilo, maana miksa mbili zinazofanana kama pacha kwa nje zinaweza kubeba katriji tofauti kabisa. Wakaniomba niitoe. Nikafunga maji, nikafungua bomba hadi yakaisha, nikabandua kifuniko kidogo chenye rangi nyekundu na bluu, nikalegeza skrubu iliyo chini yake, nikavua mkono, kisha nikafungua nati kubwa inayoikandamiza katriji.

Kosa lilitokea hapa. Niliisimamisha katriji mezani, nikalaza rula kando yake, nikapiga picha kutoka juu, simu ikiwa kama sentimita 25 kutoka mezani. Kwenye picha upana ulisomeka milimita 40. Wao wakakubali, wakaniletea ya 40, na haikuingia kabisa. Iliyohitajika ni ya 35.

Nilirudia kupima nikaelewa kilichotokea. Rula ilikuwa chini mezani, lakini ukingo wa katriji ulikuwa juu yake kwa takriban sentimita 3, yaani sentimita 22 tu kutoka kwenye kamera. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa: 35 mara 25 gawanya kwa 22 ni karibu 40. Bahati mbaya ni kwamba 35 na 40 ndizo saizi mbili zinazopatikana zaidi madukani, kwa hiyo kosa lilinitoa kwenye saizi halisi likanitua sawasawa juu ya saizi nyingine halisi. Lingeangukia 38, mtu angeshtuka. Dawa yake ni kuinua rula, hata kwa kuipachika juu ya kitabu, hadi ilingane na ukingo unaopimwa, kisha usogee nyuma na kuvuta picha kwa zumu. Ukiwa na kalipa ni bora zaidi: ibane kwenye mwili wa katriji, upige picha namba ikionekana. Na upime mwili, si nati.

Mara ya pili walikuwa makini zaidi. Waliomba picha tatu: ya kitako, ya ubavu, na ya ndani ya miksa ikiwa tupu. Ya kitako ndiyo iliyoamua. Kuna katriji za 35 zenye kitako bapa, na kuna nyingine zenye miguu, yaani kitako kilichoinuliwa, na upana wake ni uleule. Ukiweka yenye miguu mahali pa bapa, inakaa juu mno na nati haishiki nyuzi zake. Ukifanya kinyume, mipira ya kitakoni haifiki sakafu ya miksa na maji yanavuja. Yangu ilikuwa bapa, yenye matundu matatu: mawili ya kuingizia maji ya moto na baridi, moja la kutokea. Waliangalia pia zile pini mbili za kitakoni kama zinalingana na mashimo yake ndani ya miksa, wakataka na urefu wa mhimili wa mraba unaoshika mkono, kwa sababu ukiwa mfupi skrubu haipati pa kukaza.

Mimi nilidhani herufi zilizochongwa ubavuni zingetosha. Walinieleza kwamba mara nyingi hizo ni za mtengenezaji wa katriji, kama Kerox wa Hungaria au Sedal wa Hispania, ambao huziuzia kampuni nyingi za miksa. Zinasaidia, lakini mtengenezaji mmoja ana aina nyingi, kwa hiyo vipimo bado vinahitajika.

Ya pili iliingia vizuri, pini zikakaa zenyewe. Niliikaza nati kiasi, maana ikizidi mkono unakuwa mzito kusogeza. Udondoshaji umekwisha, na ile ya 40 waliipokea bila ubishi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu wao wanaona picha za rula kila siku, na ilitosha waniulize swali moja kabla ya kutuma: rula ilikuwa mezani, au ilikuwa usawa wa katriji?