Nilikaribia kununua betri mpya kwa sababu ya programu ya hali ya hewa

Ninaishi Nkuhungu, Dodoma mjini, na siku za soko naamkia Kibaigwa kwenye mahindi. Simu ndiyo ofisi yangu: wateja wananipigia, picha za mzigo zinatumwa WhatsApp, na malipo yanaingia humohumo. Kwa hiyo simu ilipoanza kukata chaji alasiri, wakati ule wa kulipana, nilipata hasara ya kweli. Siku moja mnunuzi alisimama mbele yangu na pesa yake tayari, mimi nikiwa natafuta muuza soda mwenye chaja.

Fundi mmoja aliishika simu kama dakika moja, akasema, "Mama, betri imechoka hii. Leta elfu 35." Simu ina mwaka na miezi minne tu, betri yake ni ya mAh 5000. Sikukataa, nilimwambia nitarudi. Nilipofika kwenye basi nikaingia Mipangilio, kisha Betri, kisha Matumizi ya betri, nikapiga picha ya skrini na kumtumia mpwa wangu anayesoma UDOM. Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ukurasa ambao nilikuwa nao mfukoni muda wote huo.

Picha ilionyesha hivi: TikTok 31%, programu ya hali ya hewa 19%, WhatsApp 17%, mtandao wa simu 13%, kupiga simu 9%, na vitu vidogovidogo 11%. Nilichoka mwenyewe. Nikamwandikia kwamba TikTok naifuta leo hii.

"Shangazi, subiri kwanza," akajibu. "Jumlisha hizo asilimia zote."

Nikajumlisha, nikapata 100. Lakini simu ilitoka nyumbani saa 12 asubuhi ikiwa imejaa, na saa 9 alasiri ilikuwa imebaki na 22, maana yake ilikuwa imetumia 78. Kumbe ile 31 ya TikTok si 31 ya betri. Ni sehemu ya kile kilichokwisha kuliwa, kama vile mtu anayekula vipande vitatu kati ya kumi vya mkate uliokatwa, wakati mkate mwingine bado upo kabatini. Ukitaka kujua imekula kiasi gani cha betri nzima, chukua asilimia 31 ya 78, unapata 24 hivi. Simu nyingine haziandiki hivyo, zinakupa moja kwa moja sehemu ya betri nzima. Namna ya kujua yako iko upande gani ni hiyohiyo ya kujumlisha: ikifika 100 wakati simu haijaisha, unasoma sehemu ya matumizi. Ikilingana na kilichopungua, unasoma sehemu ya betri.

Jambo la pili ndilo lililoniokolea elfu 35. Mpwa aliniambia nibonyeze jina la kila programu nitazame muda. Kila moja ina muda wa aina mbili, ule ilipokuwa mbele ya macho yangu kwenye skrini, na ule ilipokuwa ikifanya kazi chinichini bila mimi kuiona. TikTok: skrini saa 2 na nusu, chinichini dakika 3. Hiyo ni safari ya basi kwenda na kurudi, na kuchungulia kidogo mchana juani, mwanga wa skrini ukiwa umepandishwa mpaka mwisho. Ilikula 24, lakini nilikuwa naitazama mwenyewe. Nisingeitazama, isingekula. WhatsApp nayo ilikula kama 13 kwa saa 1 na dakika 40 za kuandikiana na wateja, na hiyo ndiyo kazi niliyoinunulia simu.

Hali ya hewa sasa. Skrini dakika 4. Chinichini saa 8 na dakika 10. Asilimia 19 ya 78 ni karibu 15, yaani zaidi ya WhatsApp niliyoishikilia siku nzima, kwa ajili ya dakika nne za kuangalia kama mvua itanilowanishia magunia! Niliipakua mwezi ule simu ilipoanza kusumbua, na wakati wa kuiweka iliniomba ruhusa ya kujua nilipo nikabonyeza kukubali bila kusoma. Niliiruhusu muda wote. Basi nayo ikawa inaiamsha simu kila mara kuuliza nipo wapi, nikiwa Kibaigwa, nikiwa kwenye basi, hata nikiwa nimelala.

Kwa hiyo jicho lisikimbilie asilimia kubwa peke yake. Tafuta programu ambayo asilimia yake ni kubwa, muda wa skrini ni mdogo na wa chinichini ni mrefu. Programu ya muziki au ya ramani inaweza kuonekana hivyo kihalali, maana umeiacha ikikuhudumia. Ya hali ya hewa haina kisingizio hicho.

Mtandao wa simu ulikula kama 10, na hilo halihusu programu yoyote. Nina laini mbili, na ghala tunalohifadhia mzigo limeezekwa mabati na kuzungushiwa mabati. Humo ndani laini ya pili inashika kijistari kimoja, mara inapotea. Mawimbi yakiwa hafifu simu inatuma kwa nguvu zaidi na kutafuta mnara tena na tena, hata ikiwa imelala mfukoni. Nilijaribu nyumbani usiku mbili: usiku wa kwanza simu ikiwa katika hali ya ndegeni ilipungua 2 hadi asubuhi, usiku wa pili laini zote zikiwa wazi ikapungua 9. Wakati huo ile hali ya hewa nilikuwa nimeshaikata makali.

Nilichobadilisha ni viwili tu. Ruhusa ya mahali kwa ile programu niliiweka iwe pale ninapoitumia tu, nikaizuia pia kufanya kazi chinichini. Laini ya pili naizima nikiingia ghalani, simu nikiiweka dirishani. TikTok sikuigusa. Siku ya soko iliyofuata, saa 9 alasiri, nilikuwa na 40.

Fundi hakukosea kila kitu, kwa sababu betri zinachoka kweli. Lakini betri iliyochoka inajitambulisha kwa namna nyingine: simu inazima ghafla ikiwa bado inaandika 20, au inaruka kutoka 35 hadi 18 ukipiga picha moja. Yangu ilikuwa inashuka polepole bila kuruka, na orodha ilikuwa na mlaji anayeonekana. Ungekuta programu zote zina muda unaoeleweka na bado chaji inaruka, hapo ungempelekea fundi pesa yake.

Ukurasa huu naupa nyota 4. Ya tano nimeinyima kwa sababu mbili. Kwanza, asilimia zake ni makadirio. Simu inahesabu kila programu ilitumia skrini, mtandao na GPS kwa muda gani, kisha inazidisha kwa kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, kwa hiyo tofauti ya 2 au 3 kati ya programu mbili isikusumbue. Pili, kwenye simu yangu hesabu inaanza upya kila ikijaa chaji. Mara ya kwanza nilichaji usiku, asubuhi nikafungua kutafuta mwizi, nikakuta ukurasa mweupe. Sasa napiga picha ya skrini jioni, kabla sijachomeka waya.