Maziwa ya kopo yakishafunguliwa: uzoefu wangu na makopo mawili yanayokaa rafu moja

Naishi Maskati, na nyumba yetu ni ya chai ya maziwa asubuhi na jioni, kwa hiyo makopo ya maziwa hayakauki jikoni. Nanunua aina mbili. Moja ni yale maziwa ya chai yasiyo na sukari, mepesi, yenye rangi ya malai, ambayo yamepunguzwa maji tu. Nyingine ni maziwa mazito matamu, yale yanayoteremka kwenye kijiko polepole, tunayopaka kwenye mkate na kutilia pudini. Sitaji kampuni, maana nimezibadilisha nyingi na tabia yao ni ile ile. Ladha pia naiacha, kila mtu ana ulimi wake. Ninachotaka kusema ni yanakaaje baada ya kopo kutobolewa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huyatendea sawa maziwa ambayo si sawa kabisa.

Hukumu yangu naitoa mapema: maziwa ya chai, likifunguliwa kopo lake, nayahesabu kama maziwa mabichi ya dukani. Ni friji mara moja, na siku 3 nikizidisha sana. Maziwa mazito matamu hukaa vizuri kwenye friji kwa wiki nzima, hata mbili, ikiwa kijiko kinachoingia ni kikavu.

Tabia ya kutoboa kopo matundu mawili, moja la kumiminia na moja la kuingiza hewa, wengi tumeiona kwenye vibanda vya chai ya karak. Mwuza chai anachukua kitu chenye ncha, anagonga mara mbili, anamimina, basi. Kopo linakaa juu ya meza bila kifuniko na hakuna anayeumwa. Lakini tazama linavyokwisha: wateja wamejipanga kwenye magari, sufuria ni kubwa, na kopo zima linaingia kwa mara moja au mbili. Nyumbani kopo lile lile la gramu 410 linatiliwa vijiko viwili kwenye kikombe, kisha linasahauliwa pembeni ya jiko mpaka chai ya jioni. Jiko la hapa wakati wa kiangazi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, ni tanuri. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri chakula cha kuharibika haraka kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi isizidi saa 1. Kwa kiangazi cha Maskati, hiyo saa 1 ndiyo yetu.

Sababu yake ni hii. Maziwa ya chai kiwandani huondolewa kiasi cha asilimia 60 ya maji yake, hutiwa kwenye kopo, kopo linafungwa, halafu linachemshwa likiwa limefungwa kwa joto linalozidi nyuzi 110. Ndiyo maana yana rangi ile ya hudhurungi kidogo na ladha ya kupikwa. Hiyo si dalili ya kuharibika. Likiwa zima, kopo linakaa miezi mingi kabatini bila taabu, kwa kuwa ndani hakuna kijidudu kilicho hai cha kuyaharibu. Ulinzi wote ni ule mfuniko. Ukiutoboa umeuondoa, na ndani hakuna sukari ya kutosha wala chumvi wala uchachu wa kuzuia kitu kisiote. Kinachobaki ni baridi ya friji peke yake.

Tena yana ujanja wake wa kuharibika. Maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa yakilala yanageuka mtindi, yananuka uchachu unaojulikana, na mtu anajua. Haya ya kopo hayana wale bakteria wa mtindi, wameuawa kiwandani. Kinachoota ni chochote kilichoingia baadaye kutoka hewani, kwenye kidole, kwenye kijiko au juu ya mfuniko ambao haukuoshwa. Mara nyingi hayachachi vizuri, yanakuwa machungu kidogo au yanatoa harufu ya uvundo, na mtu anayesubiri harufu ya mtindi atakunywa tu. Mimi nikiwa na shaka natia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji yanayochemka. Yakikatika vipande vipande, yamekwisha, yanamwagwa. Yasipokatika bado nanusa na kuonja kwa ncha ya ulimi.

Na kipimo hicho kina mpaka wake. Kopo lililokaa nje tangu asubuhi silipimi, nalimwaga. Kuna bakteria wa kwenye mikono na puani ambao wakiota kwenye maziwa hutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo ile hoja ya "yatachemka kwenye chai" haisaidii kitu. Bakteria watakufa, sumu itabaki kikombeni.

Sasa njoo kwenye lile tamu. Hapa mambo yanageuka, na ndiyo maana nyota zangu nyingi zinakwenda kwake. Maziwa mazito matamu hayachemshwi ndani ya kopo kama yale mengine. Kinachoyalinda ni sukari. Chukua kopo la kawaida la gramu 397. Karibu gramu 180 ni sukari iliyoongezwa, na maji yaliyobaki ni kama gramu 107 tu. Ukiitazama sukari hiyo na maji hayo peke yao, sukari ni kiasi cha asilimia 63. Maji yote yameshikwa na sukari, kijidudu kikiangukia humo kinanyonywa maji kama muwa kinuni. Bakteria wengi hawawezi kuota hapo.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia yanavyoharibika. Kopo likibakia robo, yaani gramu 100 hivi, ndani mna sukari kama gramu 45 na maji gramu 27. Watoto wakiingiza vijiko vilivyotoka kuoshwa, kila kimoja na matone yake, mpaka yakaongezeka maji gramu 10, ile asilimia 63 inashuka hadi kama 55. Na hayo ni makadirio ya kopo zima likiwa limekorogwa. Kwa kweli maji hayachanganyiki na maziwa mazito namna ile, yanatanda juu, na ule utando wa juu unakuwa mwepesi kuliko hesabu inavyosema. Hapo ndipo ukungu unaanza: kidoa kidogo, mara nyingine kama kifungo kigumu kilichoelea. Usikitoe kwa kijiko ukaendelea kula, tupa kopo. Dalili nyingine ni vipovu na harufu kama ya pombe, maana kuna chachu zinazovumilia sukari nyingi na hutoa gesi. Na kopo lililovimba kabla hata ya kufunguliwa silinunui hata likiwa nusu bei.

Kuna jambo moja watu hulalamikia bure. Maziwa matamu yakikaa, hasa kwenye baridi, huweza kuwa na chembechembe kama mchanga laini ulimini. Hiyo ni sukari ya asili ya maziwa imejitenga na kuganda. Haidhuru. Vilevile kuwa meusi kidogo kwa kopo lililowekwa mahali pa joto ni mabadiliko ya sukari na protini, yanaonja kama karameli. Nimewahi kumwona jirani akimwaga kopo zima kwa sababu hiyo na roho ikaniuma.

Je, yabaki ndani ya kopo lake au yahamishwe? Mama mkwe wangu, ambaye hana mjadala katika hili, kila akifungua friji yangu husema, "Mwanangu, bati lina sumu, toa maziwa humo." Nami humwitikia, "Haya mama," na nayatoa, ila sababu yangu ni nyingine. Zamani makopo ya maziwa yalizibwa kwa lehemu yenye risasi, na hapo hofu ya wazee ilikuwa na msingi. Makopo mengi ya siku hizi huungwa kwa kuchomelewa bila lehemu hiyo. Ama bati lenyewe lililopakwa ndani, linayeyuka kwa kasi kwenye vitu vichachu kama nanasi na nyanya pale hewa inapoingia. Maziwa si machachu, yanalichukua kidogo mno. Wataalamu wa Marekani niliowataja wanasema kuacha chakula kwenye kopo ndani ya friji si hatari, ila ladha hubaki nzuri zaidi kwenye chombo kingine.

Sababu yangu ya kuhamisha ni kwamba kopo halina kifuniko. Matundu yale yanaganda maziwa pembeni, chuma kilichokatwa kinaanza kutu, na maziwa yanavuta harufu ya samaki na kitunguu kilicholala rafu ya chini. Kwa maziwa matamu kuna la ziada: ukilitoa kopo baridi na kuliacha wazi kwenye jiko lenye unyevu, linatoka jasho ndani na nje, na jasho la ndani linashuka juu ya maziwa. Ni maji yale yale ya kijiko, isipokuwa hayaonekani. Ninamimina kwenye chupa ya jemu ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa, nachota ninachotaka, nafunga, nairudisha friji papo hapo. Ukikosa chupa, nailoni na mpira juu ya kopo vinatosha kwa siku chache. Usiliache kabatini ukitegemea sukari. Hata sisimizi hawatakuruhusu.

Maziwa ya chai yanayozidi nayagandisha kwenye trei ya barafu. Yakiyeyuka hujitenga kidogo, kwa pudini sitayatumia, lakini kipande kimoja kikitumbukia kwenye sufuria ya chai inayochemka huoni tofauti.

Kwa ununuzi, maziwa matamu chukua kopo la kawaida bila wasiwasi. Maziwa ya chai, kama mnywaji ni mmoja au wawili, chukua yale madogo ya gramu 170. Ukipiga hesabu ya bei kwa gramu unalipa zaidi, najua, lakini kopo kubwa ambalo nusu yake inaishia kwenye sinki ndilo ghali. Kubwa mimi hulinunua Ramadhani, nyumba ikiwa imejaa na birika halipoi. Kabla ya kutoboa osha mfuniko kwa maji na sabuni, ukaushe, maana vumbi lote la stoo na duka limekaa pale pale kisu kinapoingia.

Nyota: maziwa matamu 5 kati ya 5 kwa kukaa. Maziwa ya chai 3, na ya tatu ni kwa ajili ya kopo dogo.