Uzoefu wangu na yogati za probiotiki za madukani Tabora

Katika maduka ya Tabora mjini zinauzwa yogati za vikombe zenye maandishi ya probiotiki, na bei yake huwa juu ya ile ya mtindi wa kawaida. Nimezitumia za viwanda viwili kwa muda wa kutosha, moja ikiwa ya kwenye friji na nyingine ya rafuni. Kwa kuwa vikombe hivyo vinaahidi kinga ya mwili, tumbo safi na nafuu ya kuhara, nimeona nieleze ni ahadi ipi niliyoiona kweli na ipi haina ushahidi.

Kwa maana iliyotolewa mwaka 2001 na wataalamu walioitwa na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani, probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikiliwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mlaji manufaa ya afya. Sharti la uhai mtu anaweza kulichunguza jikoni. Nilichemsha maziwa ya ng'ombe, nikayaacha yapoe hadi kidole kikaweza kuvumilia joto lake, yaani karibu nyuzi 43, kisha nikayagawa katika vyombo viwili na kukoroga kijiko cha kila yogati katika chombo chake. Nilivifunika vyote kwa blanketi hadi asubuhi. Maziwa yaliyotiwa yogati ya kwenye friji yaliganda vizuri, na yale yaliyotiwa yogati iliyokuwa rafuni yalibaki majimaji. Ni muhimu maziwa yawe yaleyale, kwa sababu ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki hivi karibuni hutoa maziwa yanayokataa kuganda hata mbegu ikiwa nzuri, na mtu anaweza kuilaumu yogati isiyo na kosa. Nilipoyasoma maandishi madogo ya kikombe cha rafuni, nilikuta kwamba yogati hiyo hupashwa moto baada ya kuganda ili idumu bila friji. Protini na kalisi zake zimebaki, lakini bakteria wake wamekufa. Hata ile iliyogandisha maziwa imethibitisha tu kwamba bakteria wake wa kugandishia wako hai. Haijaonyesha kama aina maalumu iliyotajwa kwenye kikombe imo, wala kama imo kwa wingi unaotakiwa.

Manufaa niliyoyapata mwenyewe ni haya: nikinywa maziwa freshi tumbo hujaa gesi, ila nikila yogati hai silioni tatizo hilo. Sababu yake inajulikana. Watu wazima wengi hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, na bakteria wa yogati huja na kimeng'enya chao wenyewe, kinachoendelea kufanya kazi ndani ya utumbo mdogo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali dai hilo mwaka 2010, kwa sharti kwamba kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Lakini bakteria hao ni wale wa kawaida wanaogandisha yogati yoyote, hivyo maandishi ya probiotiki hayakuniongezea chochote kwa pesa niliyozidisha.

Dai la kuhara ndilo linalonisumbua zaidi. Nilimsikia muuzaji akimwambia mteja, "Mama, mpe mtoto hii, kuhara kutakoma." Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watoto 971 waliofika hospitalini wakihara na kutapika. Baadhi yao walipewa kwa siku 5 bakteria maarufu aitwaye GG, wengine dawa ya kulinganishia isiyo na bakteria huyo, na makundi hayo mawili hayakutofautiana katika kupona. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari ya ORS pamoja na zinki, na mzazi asiyacheleweshe hayo kwa kusubiri kikombe cha yogati.

Ninayoiamini zaidi kwa watoto ni togwa. Uji mzito wa mahindi au mtama uliopikwa huachwa upoe uwe vuguvugu, ukatiwa kimea cha ulezi na togwa kidogo ya jana. Kimea huulainisha, hivyo mtoto anaweza kunywa uji wenye unga mwingi, na kufikia kesho yake uchachu hushusha pH, kipimo ambacho hupungua kadiri asidi inavyozidi, hadi chini ya 4, kiwango ambacho vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kuzaliana. Utafiti wa hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walihara mara chache kuliko wengine. Uji mchachu ambao unga wake huchachushwa kwanza na kupikwa baadaye hauna bakteria hai, lakini asidi yake hubaki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga hiyo hufanyika ndani ya chungu, kabla chakula hakijafika tumboni. Asidi hiyo haiondoi sumukuvu ya nafaka iliyoota ukungu, na mtu akiizimua togwa kwa maji yasiyochemshwa hupunguza ukali wake na wakati huohuo huiingizia vijidudu vipya.